Simu Kuwa Kamera na Maiki ya Kompyuta: Waya, Programu, au Kuingia Kikaoni Mara Mbili?

Mdogo wangu alinipigia Jumatano usiku. Ana kompyuta ya mezani ya mtumba aliyoinunua kwa kazi za uchapaji. Haina kamera, haina maiki, na intaneti yake yote inatoka kwenye simu. Kesho yake saa tisa alasiri alikuwa na usaili wa dakika 45 kwa Zoom, na waliomwita walitaka awaonyeshe jedwali la mahesabu kutoka kwenye skrini yake. Kwa hiyo kutumia simu peke yake hakungemfaa. "Kaka, nikanunue kamera?" Nikamwambia asinunue kitu kwanza, aniambie simu yake ni ya aina gani na waya wake wa chaji ukoje.

Watu wengi wakiuliza habari hii huulizia ung'avu wa picha. Ukweli ni kwamba kamera ya nyuma ya simu ya kawaida ya leo inaishinda kamera iliyochongwa juu ya skrini ya laptopu nyingi, njia yoyote utakayotumia. Zoom na wenzake nao huibana picha kabla ya kuituma, kwa hiyo tofauti kati ya njia na njia haionekani sana upande wa pili. Mimi huamua kwa mambo manne. La kwanza, intaneti ya kompyuta inatoka wapi: kwenye ruta, au kwenye simu ileile unayotaka iwe kamera? La pili, sauti itapita wapi? La tatu, una ruhusa ya kuweka programu kwenye hiyo kompyuta, au ni ya ofisi na imefungwa? La nne, kikao kitachukua muda gani, maana kamera ikiwaka muda mrefu simu hupata moto na chaji hushuka.

Kwanza, picha na sauti si lazima zitoke mahali pamoja

Hili nalisema mapema kwa sababu limewaokoa wengi kuliko njia yenyewe. Ndani ya Zoom, Meet au Teams, kamera huchaguliwa kwenye orodha yake na maiki kwenye orodha yake. Unaweza kutoa picha kwenye simu na sauti kwenye spika za masikioni zenye waya zilizochomekwa kwenye kompyuta. Msikilizaji atavumilia picha yenye ukungu, lakini sauti ikikatika atakuomba urudie mara mbili, na ya tatu ataacha kukusikiliza.

Kwenye maiki, umbali ndio mkubwa kuliko bei. Kila umbali unapozidi maradufu, sauti yako inayoifikia maiki hupungua kwa desibeli 6 hivi, wakati kelele za chumba, yaani feni, bodaboda nje na kuku wa jirani, zinabaki palepale. Maiki ya shilingi elfu chache iliyo kwenye waya wa spika za masikioni, sentimita 20 kutoka mdomoni, mara nyingi huishinda maiki nzuri ya simu iliyosimamishwa mita moja mbele yako.

Kuna mtego mmoja kwenye kompyuta za mezani za zamani. Plagi ya spika za simu ina pete tatu nyeusi, kwa sababu inabeba masikio mawili, maiki na waya wa ardhi. Kompyuta hizo zina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maiki. Ukichomeka kwenye kijani utasikia vizuri kabisa, ila maiki haitafanya kazi, na ukihamishia kwenye waridi husikii wala husikiki. Inatakiwa kile kiwaya kifupi cha kugawa matundu. Laptopu nyingi zina tundu moja linalopokea vyote, kwa hiyo wao hawana shida hii.

Njia ya kwanza: waya, simu ijitambulishe yenyewe kuwa kamera

Android 14, iliyotoka mwaka 2023, ilileta uwezo wa simu kujitambulisha kwenye kompyuta kama kamera ya kawaida ya USB. Unachomeka waya, unashusha arifa ya USB kwenye simu, na kwenye orodha ile yenye "File transfer" na "USB tethering" unachagua "Webcam". Kompyuta haihitaji kuwekewa chochote. Sharti ni kwamba mtengenezaji wa simu awe ameuweka uwezo huo. Kuwa na Android 14 peke yake si hakikisho, kwa hiyo fungua orodha uangalie. Kama neno hilo halipo, njia hii huna.

Wenye iPhone na Mac wana ya kwao iitwayo "Continuity Camera". Inataka iPhone XR au ya baada yake yenye iOS 16 kwenda juu, Mac yenye macOS Ventura kwenda juu, na akaunti moja ya Apple kwenye vyote viwili. Hii hufanya kazi kwa waya na hata bila waya.

Picha: imara na haicheleweshi. Kwenye Android unaweza kubadilisha kati ya kamera ya mbele na ya nyuma kupitia arifa inayobaki juu ya skrini.

Sauti: hapa njia hizi mbili zinaachana. "Webcam" ya Android inapeleka picha tu, ukiitegemea kwa sauti utakuwa bubu. iPhone kwenye Mac hujitokeza pia kwenye orodha ya maiki, na ni maiki nzuri.

Bando: kati ya simu na kompyuta halitumiki hata kidogo. Lakini tazama tena ile orodha ya USB, inaruhusu kuchagua kitu kimoja. Ukichagua "Webcam" umeacha "USB tethering". Yaani simu haiwezi kuwa kamera ya namna hii na wakati huohuo kuipa kompyuta intaneti kwa waya huohuo. Itabidi intaneti ipite kwa hotspoti ya waifai, na kompyuta ya mezani nyingi hazina waifai. Upande wa Apple kuna sharti linalofanana: bila waya, Continuity Camera haitaki iPhone iwe inagawa intaneti yake. Tumia waya.

Inapokwama: tisa kwa kumi ni waya. Nyaya nyingi za bei ya chini zimewekewa nyuzi za umeme tu, za data hazimo. Dalili yake ni kwamba simu inaonyesha inachaji lakini arifa ya kuchagua matumizi ya USB haitokei, au inatokea na chaguo zake hazibonyezeki. Kubadilisha mipangilio hakusaidii, badilisha waya. La pili ni chaji. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500 kwa volti 5, ambayo ni wati 2.5 tu. Kamera ikiwaka na skrini ikiwaka, simu inaweza kula zaidi ya hapo, kwa hiyo usishangae kuona asilimia zinashuka na waya umechomekwa.

Inamfaa: mwenye ruta nyumbani au ofisini, mwenye simu inayokubali, na hasa anayetumia kompyuta ya ofisi asiyoruhusiwa kuwekea programu.

Njia ya pili: programu ya kuunganisha

Hapa unaweka programu mbili, moja kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta. Zinazojulikana zaidi ni DroidCam na Iriun. Nitaizungumzia DroidCam kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Ukiifungua kwenye simu inakuonyesha anwani kama `192.168.1.23` na namba ya mlango, `4747`. Unaziandika kwenye programu ya kompyuta, unatia alama kwenye "Video" na "Audio", unabonyeza kuanza. Ndani ya Zoom kwenye orodha ya kamera na ya maiki utaona majina yenye neno DroidCam.

Picha: inatosha usaili, darasa na kikao cha kazi. Toleo la bure lina mipaka kwenye ubora. Kwa waifai kuna kucheleweshwa kidogo, na ruta ikiwa na watu wengi picha huruka.

Sauti: inapatikana, na hii ndiyo faida yake kubwa kwa mwenye Android. Ila kama unatumia waifai na picha inatoka kwenye simu huku sauti inatoka kwenye maiki iliyochomekwa kwenye kompyuta, midomo na maneno vinaweza kupishana. Ukiona hivyo, toa vyote kwenye simu.

Bando: hapa watu hujichanganya sana. Picha inayotoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta kupitia ruta yenu ya ndani haiendi mtandaoni. Haili hata kilobaiti moja ya bando. Kinachokula bando ni kikao chenyewe. Vivyo hivyo kompyuta ikiwa imeungwa kwenye hotspoti ya simu hiyohiyo: mazungumzo ya simu na kompyuta yanaishia humo humo chumbani.

Inapokwama: kwenye waifai za hoteli, migahawa na baadhi ya ofisi, ruta imepangwa vifaa visionane. Vyote viwili vina intaneti, lakini DroidCam inazunguka tu. Fungua Command Prompt kwenye kompyuta upime hivi, ukiweka anwani iliyo kwenye simu yako:

```
ping 192.168.1.23
```

Ukipata majibu, njia ipo na tatizo liko kwenye programu au kwenye ulinzi wa Windows. Ukipata "Request timed out" au "Destination host unreachable", yaelekea ruta imewatenga. Hamia kwenye hotspoti ya simu au kwenye waya. Kwa waya, DroidCam kwenye Android inataka uwashe "USB debugging" ndani ya mipangilio ya wasanidi, ambayo hufunguka ukigusa "Build number" mara saba. Ukimaliza kikao zima hiyo debugging, hasa kama simu yako huwa unaichomeka kwenye kompyuta za watu.

Inamfaa: mwenye simu ya Android ya zamani, mwenye Windows au Linux yake mwenyewe, na yule ambaye maiki hana kabisa.

Njia ya tatu: kuingia kikaoni mara mbili

Simu inaingia kikaoni kwa kiungo kilekile kama mshiriki wa pili. Kompyuta inabaki kwa ajili ya kuonyesha skrini na kusoma maandishi ya wenzako, simu inashika picha na sauti. Hakuna waya wala anwani ya kuandika, na huhitaji kumwomba ruhusa mtu wa TEHAMA.

Picha: kwa kuwa simu inaituma moja kwa moja, huwa nzuri. Kasoro ni kwamba wenzako wanakuona wawili. Mwenyekiti akiwa amefunga mlango, atakuruhusu wewe kisha atajiuliza huyu mwingine mwenye jina kama lako ni nani. Badilisha jina la kompyuta liwe "Asha, skrini" ili wajue.

Sauti: hapa ndipo wengi hujiaibisha. Kompyuta ikiwa na spika na simu ikiwa na maiki chumba kimoja, sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inazunguka mpaka inakuwa mluzi unaomfanya kila mtu avue spika za masikioni. Kuzima maiki ya kompyuta hakutoshi, kwa sababu spika ndiyo inayorudisha sauti. Kompyuta isijiunge na sauti kabisa. Kwenye Zoom funga kile kisanduku cha "Join with Computer Audio" bila kukubali, kwenye Teams chagua "Don't use audio", na kwenye Google Meet ingia kwa "Companion mode". Teams ikikuuliza kwenye simu, chagua "Add this device". Ukigusa "Transfer to this device" utakuwa umekihamisha kikao chote kutoka kwenye kompyuta.

Bando: unalipa mara mbili. Zoom yenyewe hutaja kilobiti 600 kwa sekunde kupanda na kiasi hichohicho kushuka kwa video nzuri ya watu wawili. Ukipiga hesabu, hiyo ni MB 270 kwa saa kila upande, jumla MB 540. Simu ikiwa kifaa cha pili nayo inapokea picha za wenzako, isipokuwa ukizima upokeaji. Kwa mwenye waifai ya mwezi hilo si neno. Kwa mwenye bando la siku ni jambo la kufikiria.

Inapokwama: zaidi ya mluzi, sijaona kikwazo kikubwa. Ndiyo njia ninayoikimbilia dakika tano kabla ya kikao mambo mengine yakigoma.

Inamfaa: mwenye kompyuta iliyofungwa na ofisi, mwenye intaneti ya kutosha, na mtu ambaye hana muda wa kujaribu.

Jinsi tulivyomalizana na ule usaili

Simu ya mdogo wangu ina Android 12, kwa hiyo "Webcam" haimo. Kompyuta ni yake, anaweka programu anazotaka, ila haina waifai. Spika zake zina plagi ya pete tatu na kompyuta ina matundu mawili. Kuingia mara mbili kungewezekana, lakini bando lilikuwa limebaki kidogo na intaneti ya vifaa vyote viwili ingetoka simu hiyohiyo. Tukabaki na DroidCam, tukaipitisha kwenye USB tethering: waya mmoja unaipa kompyuta intaneti, na humohumo picha na sauti zinapita kama vile ni mtandao wa ndani.

Waya wa kwanza ulikataa. Kitufe cha "USB tethering" kilikuwa cha kijivu, hakibonyezeki, tukajua ni waya wa chaji tu. Akachukua ule uliokuja na simu, kikawaka. Kisha DroidCam kwenye simu haikuonyesha anwani ya maana, kwa sababu simu haikuwa imeungwa kwenye waifai yoyote. Dawa ni kuiuliza kompyuta:

```
ipconfig
```

Palipoandikwa "Default Gateway" ndipo anwani ya simu ilipo, maana kwa tethering simu yenyewe ndiyo lango. Akaiandika kwenye DroidCam, mlango `4747`, picha ikaja.

Tukajaribu Zoom, mimi huku na yeye kule. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Nikamuuliza simu umeisimamishaje, akasema ameilaza kwa ubavu, imeegemea kopo la sukari. Tundu la maiki liko chini ya simu, na ikilazwa linahamia ubavuni. Upande ule ndio uliokuwa umegusa kopo, na kava nalo limeziba nusu. Akatoa kava, akageuza simu upande wa pili, akaipandisha juu ya vitabu vinne hadi ikalingana na macho, sentimita 50 hivi kutoka usoni. Spika za masikioni akazichomeka kwenye tundu la kijani kwa kusikilizia tu, ili sauti yangu isirudi kwenye maiki ya simu. Nikamsikia kama yuko sebuleni kwangu.

Katikati ya jaribio shangazi akampigia, na kila kitu kikasimama. Mtu akikupigia, mfumo unaweza kuyapa mazungumzo hayo maiki, na kwa mtandao usiobeba sauti juu ya 4G hata intaneti inaweza kusimama. Kuweka "Usisumbue" kunanyamazisha mlio tu, simu bado inaingia. Hali ya ndege ndiyo haiwezekani kabisa kwa sababu simu ndiyo intaneti. Tulichofanya ni kuelekeza simu zote kwenye laini yangu kwa muda ule, akipiga `**21*` ikifuatiwa na namba yangu na `#`. Baada ya usaili alifuta kwa `##21#`. Laini nyingine hutoza kwa huduma hiyo, kwa hiyo uwe na salio kidogo.

Usaili ukaisha salama. Chaji ilianza kwenye 96 ikaisha kwenye 68, waya ukiwa umechomekwa muda wote, na simu ilikuwa ya moto kiasi cha kuiacha ipoe kabla ya kuitia mfukoni. Kingekuwa kikao cha saa tatu ningemwambia azime picha wakati wa kusikiliza.

Kwa hali yako

Una ruta, na simu yako ina "Webcam" kwenye orodha ya USB: anza na hiyo, na sauti itoke kwenye spika za waya zilizochomekwa kwenye kompyuta. Una iPhone na Mac: huhitaji kuweka kitu, ila tumia waya kama iPhone ndiyo inayogawa intaneti.

Simu yako ni ya Android ya miaka iliyopita na kompyuta ni yako: DroidCam au Iriun kwa waifai ya nyumbani. Simu ndiyo intaneti yako: programu hizohizo juu ya USB tethering au hotspoti, na uelekeze simu zinazoingia kwenye laini nyingine.

Kompyuta ni ya ofisi, huruhusiwi kuweka kitu na simu haina "Webcam": ingia mara mbili, sauti iwe kwenye simu tu.

Shida yako ni maiki peke yake, kamera unayo: acha haya yote ununue spika za waya, na kama kompyuta ina matundu mawili omba dukani na kile kiwaya cha kugawa. Uende na plagi yako mkononi muuzaji ahesabu pete.